Mabati mangapi kwa tangi la lita elfu tatu?

Mazungumzo haya niliyatoa mbele ya klabu ya hisabati ya shule moja ya sekondari. Nimeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Michoro ya ubaoni nimeieleza kwa maneno.

Mkuu wa shule, walimu wenzangu, shikamooni wakubwa zangu. Wanafunzi, hamjambo? Karibuni msogee mbele, maana nitashika vitu vidogo mkononi na wa nyuma hawataviona.

Nimeombwa nizungumzie eneo la uso wa mcheduara. Kanuni yake mnayo madaftarini, najua, na wengine mmeshaikariri tangu muhula uliopita. Kwa hiyo sitaanza na kanuni. Nitaanza na tangi ambalo bado halijatengenezwa. Mtu mmoja anataka tangi la bati la kuvunia maji ya mvua, lenye kipenyo cha mita 1.4 na kimo cha mita 2. Liwe na kitako na kifuniko. Mabati anayotaka kununua ni yale bapa, yasiyo na migongo, ya futi 8 kwa futi 4. Swali lake ni moja tu: anunue mabati mangapi? Mpaka tumalize hapa tutakuwa tumelijibu, na ninawaonya mapema kwamba jibu la kwanza litakalotoka kwenye karatasi zenu litakuwa zuri sana kimahesabu, lakini fundi atalikataa.

Sasa tazameni kopo hili. Nimelipima kwa rula: kipenyo chake ni sentimita 7, kimo chake sentimita 10. Sikulichagua kwa bahati. Mita 1.4 ni sentimita 140, na 140 ukigawa kwa 20 unapata 7. Mita 2 ni sentimita 200, ukigawa kwa 20 unapata 10. Kopo hili ndilo tangi letu lenyewe, limepunguzwa mara 20 kila upande. Chochote tutakachokiona kwenye kopo kitakuwa kweli kwenye tangi.

Kopo limevikwa karatasi ya lebo. Nauingiza wembe hapa pembeni, nakata kwa mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini, halafu naibandua karatasi na kuilaza mezani. Mnaona umbo gani? Naam, mstatili. Ubavu wa kopo ulikuwa umejipinda, na sasa umelala bapa bila kuvutwa, bila kukunjamana, bila kuchanika. Hili si jambo la kulipita haraka. Mpira wa miguu huwezi kuufanyia hivi. Ukiukata na kuulaza utakunjamana pembeni au utachanika. Ukuta wa mcheduara unakubali kulala bapa kwa sababu umepinda upande mmoja tu, wa kuzunguka. Kwenda juu na chini umenyooka. Ndiyo maana fundi wa bati anaweza kutengeneza tangi kutokana na bati bapa kwa kulizungusha tu, bila kuligonga nyundo ili litanuke.

Nikiweka kando ya mstatili huo kitako na kifuniko cha kopo, ambavyo ni duara mbili, nimelikunjua kopo zima. Mstatili mmoja, duara mbili. Umbo hilo lililokunjuliwa nitaliita mkunjuo, na mkiweza kuuchora hamtahitaji kukariri kitu.

Urefu wa mstatili huu ni kiasi gani? Upande mmoja ni rahisi: ni kimo cha kopo, sentimita 10. Upande wa pili ndio unaowaangusha watu wengi kwenye mitihani. Wapo wanaoandika 7, kwa sababu wakilitazama kopo kwa mbele wanaona upana wa sentimita 7. Njoo hapa, kijana, upime lebo. Ngapi? Sentimita 22. Sasa izungushe tena kwenye kopo polepole. Ukingo wa juu wa karatasi unafuata ukingo wa kifuniko hatua kwa hatua, mpaka ncha mbili zinakutana. Kwa hiyo urefu wa mstatili ndio mzingo wa duara: hauzidi wala haupungui. Mzingo ni pai mara kipenyo, yaani 22/7 mara 7, ambayo ni 22. Rula na hesabu zimekubaliana.

Mtu akiandika 7 mahali pa 22, kosa lake linajionyesha bila kusubiri mwalimu. Karatasi ya sentimita 7 haiwezi kulizunguka kopo. Itafunika chini ya theluthi moja ya ubavu. Kila mara mzingo lazima uwe kipenyo mara tatu na kidogo. Kama mstatili wako kwenye mchoro hauna urefu huo, rudi nyuma kabla hujaendelea. Kipimo hicho hicho kinamkamata anayechukua kipenyo akakiweka mahali pa nusukipenyo. Atapata mzingo wa 44, ambao ni kipenyo mara sita na ushei, na hakuna duara la namna hiyo duniani.

Basi tuhesabu kopo. Mstatili ni 22 mara 10, sentimita za mraba 220. Duara moja ni pai mara nusukipenyo mara nusukipenyo: 22/7 mara 3.5 mara 3.5, ambayo ni 38.5. Duara mbili ni 77. Jumla 297.

Turudi kwenye tangi. Mzingo ni 22/7 mara 1.4, mita 4.4. Ukuta ni 4.4 mara 2, mita za mraba 8.8. Nusukipenyo ni 0.7, kwa hiyo duara moja ni 22/7 mara 0.49, mita za mraba 1.54, na mbili ni 3.08. Jumla ni mita za mraba 11.88.

Kanuni ya daftarini sasa itazameni:

A = 2πrh + 2πr²

Kipande cha kwanza ni mstatili: 2πr ni urefu wake, h ni kimo chake. Kipande cha pili ni duara mbili. Wengine mmeandikiwa 2πr(r + h), ambayo ni ileile iliyofupishwa. Mimi binafsi siipendi hiyo iliyofupishwa kwa mwanafunzi anayeanza, kwa sababu inaficha vile vipande vitatu, na maswali ya mtihani karibu yote yanacheza na vipande. Nitaonyesha baada ya muda mfupi.

Kwanza kuna mmoja hapa ameninong'oneza kwamba 22/7 si pai kamili. Ni kweli. Ukitumia 3.1416, mzingo wa tangi letu unakuwa mita 4.398 badala ya 4.4. Tofauti ni milimita 2 hivi kwenye urefu wa zaidi ya mita 4. Chaki ya fundi inachora mstari mnene kuliko hapo. Kwenye bati, 22/7 inatosha kabisa. Kwenye mtihani tumieni ile mliyoelekezwa kwenye swali.

Na hapa kuna hakiki ninayoipenda. Kopo lilikuwa na sentimita za mraba 297. Tangi ni kubwa mara 20 kila upande. Je, eneo lake ni kubwa mara 20? Hapana. Mstatili umeongezeka mara 20 kwa urefu na mara 20 kwa kimo, kwa hiyo mara 400. Chukua 297 zidisha kwa 400: unapata sentimita za mraba 118,800. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, si 100. Gawanya kwa 10,000: 11.88. Tumefika palepale kwa njia nyingine. Mwanafunzi anayegawa kwa 100 atapata mita za mraba 1,188, ambazo zingetosha kuezeka nyumba kadhaa. Jibu la namna hiyo likitokea, usilaumu kikokotoo. Angalia vipimo vyako.

Sasa vile vipande. Swali likisema tangi liko wazi juu, duara moja halipo. Unabaki na mstatili mmoja na duara moja: 8.8 jumlisha 1.54, mita za mraba 10.34. Swali likisema tangi lina kifuniko, limekaa juu ya msingi wa zege, na linapakwa rangi kwa nje tu, jibu ni lilelile 10.34, ila duara lililokosekana ni jingine. Kitako hakipakwi kwa sababu brashi haifiki. Swali likisema tangi lililo wazi linapakwa ndani na nje, pamoja na kitako pande zote mbili, unachukua 10.34 mara mbili. Kwa bati jembamba hatuhangaiki na tofauti ya ndani na nje. Lakini kwa tangi la zege ambalo ukuta wake una unene wa sentimita 10, mambo ni tofauti. Nusukipenyo cha ndani kikiwa 0.7, cha nje ni 0.8, na ukuta wa nje unakuwa na mita za mraba 10 na ushei badala ya 8.8. Hapo lazima uchore mikunjuo miwili.

Mtaona kwamba kanuni nzima ingewapotosha kwenye maswali yote hayo matatu. Aliyechora mstatili na duara kwenye karatasi ya pembeni, kisha akapiga mkasi kwenye duara lisilokuwepo, hapotei.

Kabla sijaenda kwa fundi, ngoja nifanye jambo moja na lebo hii. Mstatili ni 22 kwa 10. Niliuzungusha kwa upande wa 22 nikapata kopo fupi nene. Hakuna kinachonizuia kuuzungusha kwa upande wa 10. Tazameni: sasa ni bomba jembamba lenye kimo cha sentimita 22. Karatasi ni ileile, eneo la ukuta ni lilelile, 220. Je, vinabeba maji sawa? Nyoosheni mikono, wanaosema sawa. Wengi. Haya, tuhesabu. Kopo nene lina ujazo wa 38.5 mara 10, sentimita za ujazo 385. Bomba lina nusukipenyo cha sentimita 1.59 hivi, na ujazo wake unatoka 175. Chini ya nusu! Galileo Galilei alilieleza jambo hili katika kitabu chake kilichochapishwa mjini Leiden mwaka 1638, akizungumzia magunia ya nafaka yaliyoshonwa kwa kitambaa kilekile: lile ambalo upande mfupi wa kitambaa umekuwa kimo ndilo linalobeba zaidi. Kwenye tangi letu ni hivyo hivyo. Mita za mraba 8.8 za ukuta zikizungushwa kwa upande wa mita 4.4 zinabeba lita 3,080. Zikizungushwa kwa upande wa mita 2 zinabeba lita 1,400 tu, tena kwenye mnara wa mita 4.4 ambao upepo ungeuangusha siku ya kwanza. Eneo la uso peke yake haliwaambii tangi linabeba kiasi gani.

Haya, mabati.

Futi 8 kwa futi 4 ni mita 2.44 kwa 1.22. Eneo la bati moja ni mita za mraba 2.98 hivi. Tangi linahitaji 11.88. Gawanyeni. Nasikia 3.99. Kwa hiyo mabati mangapi? Manne! Tena na kipande kidogo kinabaki. Ni hesabu safi, na ndiyo niliyowaonya mwanzoni. Ukimpelekea fundi mabati manne, atakutengenezea ukuta, halafu atakuuliza kitako kiko wapi.

Nini kimetokea? Tulipogawanya eneo kwa eneo tulijifanya kwamba bati ni kimiminika, kwamba linaweza kumwagwa kutoka umbo moja kwenda jingine. Bati halimwagiki. Lazima kila kipande cha mkunjuo kilale ndani ya mstatili wa 2.44 kwa 1.22, na mabaki ya pembeni hayaungani yenyewe.

Tuulaze mkunjuo juu ya mabati, kipande kimoja kimoja. Nitachukua kwamba kila penye mshono bati moja linalala juu ya jingine kwa sentimita 4, na kwamba ukingo wa juu na wa chini wa ukuta unaachiwa sentimita 3 za kukunja ili ushike kifuniko na kitako. Fundi wako anaweza kuwa na vipimo vyake. Muulize kabla ya kuhesabu. Hizi sentimita hazimo kwenye kanuni ya daftarini, ila bila hizo maji yatapita.

Ukuta kwanza. Kuzunguka tunahitaji mita 4.4 na mishono miwili, jumla 4.48. Mabati mawili yakilazwa kwa urefu yanatoa 4.88. Yanatosha, na sentimita 40 zinabaki. Huo ni mkanda mmoja wa kimo cha 1.22. Kwenda juu tunahitaji mita 2, mshono mmoja wa sentimita 4 kati ya mkanda na mkanda, na sentimita 6 za kingo mbili: 2.10. Mkanda mmoja hautoshi, miwili inatoa 2.44. Kwa hiyo ukuta peke yake umekula mabati manne. Ukiyasimamisha badala ya kuyalaza, bado ni manne, kwa sababu 4.4 ukigawa kwa 1.22 unapata 3.6 na hakuna anayekuuzia bati la nukta sita.

Kinachobaki kwenye mkanda wa juu ni vipande virefu vyenye upana wa sentimita 34. Mwanafunzi mmoja anaweza kusema: basi tukate kitako humo. Kitako kina kipenyo cha mita 1.4. Ungelazimika kukiunga kwa vipande vitano, na kila mshono wa kitako ni mahali pa kuvuja, tena mahali ambapo maji yanakandamiza zaidi kuliko popote kwenye tangi. Hakuna fundi anayejiheshimu atakayefanya hivyo.

Duara sasa. Mita 1.4, na ukiongeza sentimita 3 za kukunja kila upande ni 1.46. Upana wa bati ni 1.22. Duara halingii! Eneo la bati ni karibu mara mbili ya eneo la duara, na bado duara halingii. Hapa ndipo kugawanya eneo kwa eneo kunapovunjika kabisa.

Fundi anafanyaje? Anakata nusu duara mbili na kuziunga katikati. Nusu moja anailaza kwenye kona ya chini kushoto ya bati, upande wake ulionyooka ukifuata ukingo wa chini. Nusu ya pili anaigeuza kichwa chini na kuilaza kwenye kona ya juu kulia. Migongo yao miwili inatazamana katikati ya bati. Je, inagongana? Tusibahatishe, Pythagoras tunaye.

Kila nusu ina nusukipenyo cha 0.73, na upande ulionyooka umeachiwa sentimita 2 za mshono, ili zikiungana zilaliane kwa 4. Kitovu cha nusu ya kwanza kiko mita 0.73 kutoka ukingo wa kushoto na 0.02 kutoka chini. Kitovu cha pili kiko 0.73 kutoka kulia na 0.02 kutoka juu. Kwa hiyo umbali kati ya vitovu kwa mlalo ni 2.44 toa 0.73 mara mbili, yaani 0.98. Kwa wima ni 1.22 toa 0.04, yaani 1.18. Kipeo cha pili cha kila kimoja ni 0.9604 na 1.3924, jumla 2.3528, na kipeuo chake cha pili ni 1.53. Ili nusu hizi zisigongane, vitovu vinatakiwa kuachana kwa angalau nusukipenyo mbili, yaani 1.46. Tuna 1.53. Zinapishana zikiacha sentimita 7 kati yao. Duara moja, bati moja.

Mabati manne ya ukuta, moja la kitako, moja la kifuniko. Sita.

Mabati 6 yana mita za mraba 17.86. Tangi linaloonekana lina 11.88. Theluthi moja ya bati iliyonunuliwa imeishia kwenye mishono, kingo na mabaki. Sisemi kwamba kila tangi linapoteza theluthi. Hili, kwa vipimo hivi na mabati haya, linapoteza kiasi hicho. Ukibadilisha saizi ya bati, uchore upya.

Nanyi mnaweza kulijaribu bila kununua bati hata moja. Tumieni kipimo kilekile cha kopo, 1 kwa 20. Bati linakuwa mstatili wa sentimita 12.2 kwa 6.1. Kateni sita kwenye karatasi ngumu. Nusu duara mnazichora kwa bikari iliyofunguliwa sentimita 3.65. Zipangeni, zisukumeni huku na huku, mtaona zinavyopishana. Kwenye bati lenyewe bikari ya namna hiyo haipo. Fundi huchukua ufito, akapiga misumari miwili iliyoachana kwa sentimita 73, mmoja akaushikilia kwenye kitovu na mwingine ukakwaruza bati. Kamba haifai, inavutika, na duara litatoka na tumbo upande mmoja.

Tulipofika hapo palikuwa na maswali, nami nayaweka mawili.

Msichana mmoja wa safu ya pili aliuliza: “Mwalimu, na yale matangi ya plastiki yenye mikanda mikanda ubavuni, kanuni inafanya kazi?” Nikamjibu inafanya kazi kwa kukadiria tu. Kanuni inadhani ukuta ni laini na kifuniko ni bapa. Ile mikanda inaongeza eneo, kwa sababu karatasi ingelazimika kuingia mabondeni na kupanda vilima, na kichwa cha tangi la namna ile mara nyingi kimeinuka, si duara bapa. Eneo halisi ni kubwa kuliko la kanuni. Uzuri wa tangi letu la bati ni kwamba mkunjuo wake ni wa kweli, kwa sababu lenyewe lilianza likiwa bapa.

Wa pili alikuwa mvulana aliyekuwa kimya muda wote, akichora. Alisema: “Kama ukuta unakula mabati manne kwa vyovyote, kwa nini tutupe ile mikanda ya sentimita 34? Si turefushe tangi?”

Ndiyo, na hilo ndilo swali ambalo fundi mzuri angemuuliza mteja. Mikanda miwili inatoa 2.44. Toa sentimita 4 za mshono na 6 za kingo, zinabaki 2.34. Tangi la kipenyo kilekile likiwa na kimo cha mita 2.34 linatoka kwenye mabati yaleyale sita. Ujazo wake ni 1.54 mara 2.34, ambao ni lita 3,600 na kidogo. Mteja ameongezewa lita zaidi ya 520 na hajanunua bati la ziada. Kinachohitaji kuangaliwa ni kimoja: mfereji wa maji ya paa uwe juu ya mita 2.34 pamoja na msingi, la sivyo maji hayataingia.

Akaendelea: na kipenyo je, tukipanue? Ukuta unaruhusu, kwa sababu kwenye kuzunguka tulikuwa na sentimita 40 za ziada. Lakini zile nusu duara hazina nafasi kubwa. Ukirudia hesabu ya Pythagoras kwa kipenyo cha mita 1.44, nusukipenyo na ukingo wake kinakuwa 0.75, vitovu vinaachana kwa 1.509, na kinachotakiwa ni 1.50. Zinapita zikiacha chini ya sentimita moja, na tangi linabeba lita 3,800 na ushei. Ukifika mita 1.5, zinagongana katikati ya bati, na itabidi ununue jingine.